Asilimia ya Mabadiliko Inapopotosha: Thamani ya Mwanzo Ikiwa Sifuri au Hasi

Mwongozo huu ni kwa waweka hazina na makatibu wa vikundi vya biashara hapa Tanga, hasa vile vinavyokausha na kuuza dagaa kwenye mwalo wa Deep Sea, ambao kila baada ya miezi mitatu hutakiwa kupeleka mkutanoni jedwali la mauzo, gharama na faida, likiwa na safu ya mwisho inayoonyesha asilimia ya mabadiliko. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wajumbe wengi huisoma kwanza, na mara nyingi ndiyo peke yake wanayoikumbuka wakishatoka mkutanoni. Kwa hiyo ikitoa jibu lisilo sahihi, jibu hilo ndilo litakalofika nyumbani.

Kanuni inayotumika ni ile ya kawaida: chukua thamani ya sasa, toa thamani ya mwanzo, kisha gawanya kwa thamani ya mwanzo. Ikiwa kipindi kilichopita kiko kwenye safu ya B na kipindi hiki kwenye safu ya C, kwenye Excel huandikwa hivi, kisha seli hupewa muundo wa asilimia:

```
=(C2-B2)/B2
```

Kanuni hii inauliza jambo moja tu: badiliko lililotokea ni sawa na mara ngapi ya kile tulichoanza nacho? Swali hilo lina maana pale ambapo kweli kulikuwa na kitu cha kuanzia, na kitu hicho kilikuwa zaidi ya sifuri. Pasipo hivyo, kompyuta itagoma, au itatoa namba yenye sura nzuri isiyojibu swali lolote. Ikigoma ni afadhali, kwa kuwa mtu huona kosa. Hatari kubwa iko kwenye ile namba yenye sura nzuri.

Dalili: seli inaandika #DIV/0!

Sababu ni kwamba seli ya B ni sifuri, au ni tupu, na Excel huihesabu seli tupu kuwa sifuri inapoitumia kugawanya. Hali hizi mbili ni tofauti kabisa, na kazi ya kwanza ni kujua uko kwenye ipi. Fungua daftari la mauzo uangalie: je, siku hizo ziliandikwa kuwa hakuna kilichouzwa, au hazikuandikwa kabisa kwa sababu aliyekuwa zamu hakuandika? Ukikuta hazikuandikwa, tatizo si la hesabu bali la takwimu zinazokosekana, na hakuna kanuni itakayolitibu. Iache seli hiyo tupu, na kwenye safu ya asilimia andika kuwa hakuna takwimu.

Kwa wauza dagaa, sifuri ya kweli si jambo la ajabu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kamili, mwanga wa taa haufui dafu, na vyombo vingi hubaki ufukweni. Kikundi kikilinganisha wiki ya mbalamwezi na wiki ya giza iliyofuata, kinaweza kutoka kilo 0 hadi kilo 840. Ongezeko hilo ni asilimia ngapi? Jibu sahihi ni kwamba halina asilimia, kwa kuwa hakuna idadi yoyote ya mara ambazo sifuri ikizidishwa itafika 840.

Tiba za haraka zinazozunguka kwenye majedwali ni tatu, na zote hazifai. Ya kwanza ni kuifunika kanuni kwa `IFERROR` ili iandike 0% badala ya kosa. Hapo jedwali linasema hakuna kilichobadilika, wakati zimeuzwa kilo 840. Ya pili ni kuandika 100%, kwa hoja kwamba kitu chote ni kipya. Lakini aliyetoka sifuri hadi kilo 5 na aliyetoka sifuri hadi kilo 5,000 wote watapata 100%, sawasawa na yule aliyetoka kilo 400 hadi 800. Namba isiyoweza kuwatofautisha watu hao watatu haimsaidii msomaji.

Tiba ya tatu inastahili kuchunguzwa zaidi kwa sababu inaonekana ya kitaalamu: kuongeza 1 kwenye thamani zote mbili ili kukwepa kugawanya kwa sifuri. Tujaribu kwa kilo. Sifuri inakuwa 1, na 840 inakuwa 841. Tofauti ni 840, ukigawanya kwa 1 unapata 84,000%. Sasa uandike mzigo uleule kwa tani. Sifuri inakuwa 1, na 0.84 inakuwa 1.84; tofauti ni 0.84, ukigawanya kwa 1 unapata 84%. Dagaa ni walewale, wiki ni zilezile, lakini ongezeko limeshuka kutoka asilimia elfu themanini na nne hadi themanini na nne kwa sababu tu tumebadilisha kipimo. Asilimia halali haibadiliki ukihama kutoka kilo kwenda tani, au kutoka shilingi kwenda maelfu ya shilingi. Ikibadilika, ujue uliyopata si asilimia ya mabadiliko bali ni tokeo la ile 1 uliyoiongeza.

Tiba inayofaa ni kubadilisha mwanzo wa ulinganisho, au kuacha asilimia. Wiki ya giza ilinganishwe na wiki ya giza ya mwezi uliopita, ambako kulikuwa na mauzo. Hapo asilimia inapata maana yake, na hata swali lenyewe linakuwa la haki zaidi, kwa kuwa mbalamwezi haimwadhibu mtu yeyote. Kama hakuna kipindi kinachofaa kulinganishwa, andika kilo zenyewe: kutoka 0 hadi 840.

Dalili: seli inaonyesha 0, lakini asilimia inatoka, tena kubwa kupita kiasi

Hii huwachanganya watu kwa sababu sifuri inaonekana kwa macho na kosa halitokei. Bofya seli hiyo uangalie kwenye mstari wa juu wa fomula. Mara nyingi utakuta jedwali liko katika maelfu ya shilingi, na ndani ya seli mna 0.4, yaani shilingi 400, ila muundo wa seli umeficha desimali. Ikiwa kipindi hiki kuna 100, yaani shilingi laki moja, kanuni itatoa 24,900%. Hesabu hiyo ni sahihi. Kinachopotosha ni kwamba ukubwa wake wote umetokana na udogo wa mwanzo: kama mwanzo ungekuwa shilingi 800 badala ya 400, asilimia ingepungua hadi 12,400%, na hakuna mtu kwenye kikundi anayejali tofauti ya shilingi 400. Asilimia inapotikisika kiasi hicho kwa tofauti isiyo na uzito, iondoe na uandike fedha zenyewe.

Dalili: kikundi kimetoka hasara kikaingia faida, na jedwali linasema kimeshuka

Hapa ndipo penye madhara makubwa, kwa sababu kompyuta haitoi onyo lolote. Tuchukue mfano wa kikundi kimoja, katika tarakimu zinazogawanyika kirahisi. Julai hadi Septemba, kusi ikiwa bado inavuma na bahari imechafuka, mauzo yalikuwa shilingi 2,000,000 na gharama 2,400,000, hivyo kukawa na hasara ya 400,000. Oktoba hadi Desemba mauzo yalikuwa 3,600,000 na gharama 3,000,000, hivyo kukawa na faida ya 600,000. Kwenye mstari wa faida, seli ya B ina -400,000 na seli ya C ina 600,000. Tofauti ni 1,000,000 chanya. Ukigawanya kwa -400,000 unapata -250%.

Mama mmoja mjumbe wa kikundi cha namna hii, ambaye hajawahi kugusa kompyuta lakini anajua kila gunia lililotoka, alipooneshwa safu kama hiyo aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu: "Mwanangu, tulikuwa tunadaiwa, sasa tunagawana. Hiyo asilimia inatushusha wapi?" Hakuna jibu la kumpa, maana haiwashushi popote. Alama ya kutoa haikutoka kwenye badiliko. Imetoka kwenye kigawanyo. Badiliko ni chanya, kigawanyo ni hasi, na chanya ukiigawanya kwa hasi unapata hasi.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kama kikundi kingezama kutoka hasara ya 400,000 hadi hasara ya 1,000,000, tofauti ingekuwa -600,000, na ukiigawanya kwa -400,000 ungepata 150% chanya. Mkutano ungesomewa kwamba faida imekua kwa asilimia mia moja na hamsini, wakati kikundi kinakaribia kufa. Kosa la -250% huonekana, kwa sababu watu wenye furaha wataihoji alama ya kutoa. Kosa la +150% hupita kimyakimya, kwa kuwa ni wachache wanaohoji habari njema.

Jambo hili halihusu vikundi vidogo tu. Tarehe 20 Aprili 2020, bei ya mafuta ghafi ya Marekani aina ya WTI, kwa mkataba wa kupokea mzigo mwezi Mei, ilifunga siku ikiwa dola -37.63 kwa pipa, yaani muuzaji alikuwa anamlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo. Siku ya biashara iliyotangulia ilikuwa imefunga kwa dola 18.27. Siku iliyofuata mkataba huohuo ulifunga kwa dola 10.01. Kutoka -37.63 hadi 10.01 ni kupanda kwa dola 47.64, lakini kanuni inatoa karibu -127%. Kila aliyeliacha jedwali lijihesabu lenyewe siku hiyo aliona kuporomoka mahali palipokuwa na mpando mkubwa.

Chanzo cha yote haya ni asili ya kitu tunachokipima. Kilo za dagaa, idadi ya wateja na mauzo ni vitu ambavyo sifuri yake inamaanisha hakuna kitu. Faida si kitu cha namna hiyo. Faida ni tofauti kati ya vitu viwili, mauzo na gharama, na sifuri yake inamaanisha tu kwamba viwili hivyo vimelingana. Kikundi chenye faida sifuri kinaweza kuwa kimeuza magunia mia. Unapogawanya kwa faida, unagawanya kwa kitu kinachoweza kupita sifuri bila biashara yenyewe kupungua. Nyuzi za joto nazo zina tabia inayofanana. Friji la samaki likitoka nyuzi -5 za Selsiasi hadi -10, kanuni inatoa ongezeko la 100%. Joto lilelile kwa Farenhaiti ni kutoka 23 hadi 14, na kanuni inatoa punguzo la 39%. Friji ni moja, na kilichotokea ni kimoja.

Dalili: alama imerekebishwa, lakini ukubwa haueleweki

Wengi wakishaona tatizo la alama hutumia thamani isiyo na alama kwenye kigawanyo:

```
=(C2-B2)/ABS(B2)
```

Kikundi chetu sasa kinapata +250%, na kile kilichozama kinapata -150%. Alama zimekaa sawa, na ndiyo maana tiba hii imeenea sana, hata kwa watu waliosomea mahesabu. Naikataa kwa sababu inatibu dalili na kuacha ugonjwa, na baada ya hapo ugonjwa hauonekani tena.

Linganisha vikundi viwili vilivyofikia mwisho uleule wa faida ya 600,000. Cha kwanza kilianza na hasara ndogo ya 50,000, hivyo kimepanda kwa 650,000. Cha pili kilianza na hasara ya 1,000,000, hivyo kimepanda kwa 1,600,000. Kwa kanuni ya `ABS`, cha kwanza kinapata 1,300% na cha pili 160%. Aliyepanda zaidi amepewa asilimia ndogo zaidi, mara nane. Wala si bahati mbaya ya tarakimu nilizochagua: mwisho wa faida ukiwa mmoja, kadiri hasara ya mwanzo inavyokuwa kubwa ndivyo asilimia inavyopungua, na kadiri hasara inavyokaribia sifuri ndivyo asilimia inavyopaa bila kikomo. Kama kuna zawadi au mkopo unaotolewa kwa kufuata safu hiyo, utakwenda kwa asiyestahili.

Kuna hali moja ambapo namba ya `ABS` ina maana, nayo ni pale thamani zote mbili zinapokuwa hasi. Kikundi kikitoka hasara ya 400,000 hadi hasara ya 100,000, unaweza kusema hasara imepungua kwa 75%, kwa sababu hasara yenyewe, ukiisoma kama kiasi chanya, imeondokewa na robo tatu yake. Lakini sentensi lazima itaje hasara. Ukiandika kwamba faida imeongezeka kwa 75%, umerudi kulekule, maana faida haikuwepo mwanzo wala haipo mwisho.

Baadhi hujaribu njia nyingine, ya kugawanya kwa wastani wa thamani mbili. Kwa namba chanya njia hiyo ina matumizi yake, lakini hapa haiokoi kitu: kutoka sifuri kwenda namba yoyote chanya hutoa 200% daima, na kutoka -600,000 hadi 600,000 wastani ni sifuri, kwa hiyo unarudi kwenye kosa la kugawanya kwa sifuri.

Dalili: punguzo linazidi 100%

Mwanzo ukiwa chanya na mwisho ukiwa hasi, kanuni ya kawaida hutoa alama sahihi. Faida ya 600,000 ikigeuka hasara ya 300,000, jibu ni -150%: faida yote imekwisha, na hasara imefikia nusu ya faida ile. Inasomeka, ila kwa shida, na msomaji asiyezoea hudhani ni kosa la uchapaji. Robo inayofuata itaanza na -300,000, na matatizo ya juu yatarudi. Ndiyo maana nashauri mstari wa faida usipewe safu ya asilimia kabisa katika biashara yoyote inayovuka kati ya faida na hasara kufuata misimu.

Kitu cha kuandika badala yake

Rudi kwenye vitu viwili vinavyoizaa faida, kwa kuwa vyote viwili ni chanya. Katika mfano wetu, mauzo yametoka 2,000,000 hadi 3,600,000, ongezeko la 80%. Gharama zimetoka 2,400,000 hadi 3,000,000, ongezeko la 25%. Asilimia hizi mbili ni halali, na zinaeleza kilichotokea: mauzo yamekua kwa kasi kuliko gharama. Mstari wa faida uandikwe kwa shilingi: kutoka hasara ya 400,000 hadi faida ya 600,000, nafuu ya 1,000,000.

Kama mkutano unataka namba moja ya kulinganisha vikundi vyenye ukubwa tofauti, gawanya faida kwa mauzo ya kipindi kilekile. Robo ya kusi inapata -400,000 kwa 2,000,000, yaani -20%. Robo iliyofuata inapata 600,000 kwa 3,600,000, yaani karibu 17%. Kigawanyo ni mauzo, ambayo hayawezi kuwa hasi, kwa hiyo alama inabaki na maana yake: kila shilingi mia iliyoingia ilileta hasara ya shilingi 20, sasa inaleta faida ya shilingi 17. Tofauti ya hizo mbili ni pointi 37, na iitwe pointi, kwa sababu kuiita asilimia 37 kutamfanya msomaji adhani faida imekua kwa kiasi hicho. Kipimo hiki nacho kina mpaka wake: wiki isiyo na mauzo kabisa haina cha kugawanyia, kwa hiyo kitumike kwa robo ya mwaka, si kwa wiki ya mbalamwezi.

Kwenye safu za mauzo na gharama, kanuni ijilinde yenyewe:

```
=IF(AND(ISNUMBER(B2),ISNUMBER(C2)),
 IF(B2>0,(C2-B2)/B2,"haihesabiki"),
 "hakuna takwimu")
```

Kanuni hii inatenganisha seli tupu na sifuri ya kweli, na inakataa mwanzo ulio sifuri au hasi. Haikamati mwanzo mdogo mno. Hilo linahitaji mtu anayeijua biashara aweke kiwango chake, kwa mfano kuandika `B2>=50000` badala ya `B2>0` kama fedha iliyo chini ya hapo si ya kujadiliwa, na kiwango hicho kiandikwe chini ya jedwali.

Baki na tahadhari moja kuhusu mstari wa chini wa safu hiyo. Ukiweka `AVERAGE` juu ya asilimia hizo, Excel itayaruka maneno "haihesabiki" na "hakuna takwimu" bila kukuambia, na wastani utakuwa wa shughuli zilizobaki tu. Na kama mtu alikwisha kuyageuza kuwa 0%, sifuri hizo zitaingia kwenye wastani na kuuvuta upande wa sifuri. Asilimia ya jumla haipatikani kwa kuchukua wastani wa asilimia za vipande. Jumlisha mauzo ya mwanzo ya shughuli zote, jumlisha mauzo ya sasa ya shughuli hizohizo, kisha tumia kanuni mara moja kwenye jumla hizo mbili. Shughuli iliyoanza na sifuri itaingia kwenye jumla kwa uzito wake halisi wa shilingi, bila kuhitaji asilimia yake yenyewe.